Jinsi ya Kulinganisha Bei za Oili ya Injini na Kuitambua Iliyochakachuliwa: Mwongozo Kamili

Kosa linalojirudia kwa wanunuzi ni lile lile: wanalinganisha bei ya dumu na bei ya dumu, kisha wanakagua rangi ya oili mwangani. Bei ya dumu haisemi lolote mpaka ujue lina lita ngapi na oili ya daraja gani. Rangi nayo haisemi kitu kabisa. Oili halisi inaweza kuwa nyepesi kama chai ya rangi au nzito kama asali, kwa kutegemea malighafi na viungo vyake, na mchakachuaji anaweza kuipata rangi yoyote anayoitaka.

Nimepanga hatua hizi kwa mpangilio wa matumizi: tatu za kwanza ni hesabu, mbili zinazofuata ni za dukani, na zilizobaki ni za nyumbani kabla oili haijaingia kwenye injini. Ukiruka hesabu, majaribio ya nyumbani hayatakusaidia sana, kwa sababu utakuwa umeshalipa.

## Unachohitaji

- Kitabu cha gari au pikipiki yako
- Simu yenye kikokotoo na saa ya kuhesabu sekunde
- Mizani, ya jikoni au ya kuning'iniza mizigo
- Sirinji mbili za mililita 20 zinazofanana, bila sindano
- Vichupa viwili vidogo vya kioo vyenye vifuniko
- Karatasi nyeupe ya kuchujia
- Glavu na vitambaa
- Mililita 100 za oili ya rejea

Hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi hawana, na ndiyo inayofanya majaribio yawe na maana. Oili ya rejea ni oili ya daraja lile lile unalonunua, iliyotoka kwa wakala unayejua amepewa bidhaa na mtengenezaji mwenyewe. Nunua kopo moja la lita 1 hata kama ni ghali, uweke mililita 100 pembeni kwenye chupa safi iliyofungwa. Usitumie oili iliyotoka ndani ya injini, maana hiyo imeshabadilika.

## Hatua ya 1: Andika mstari mmoja wa daraja

Fungua kitabu cha gari, utafute ukurasa wa vilainishi, uandike mambo matatu kwenye karatasi: mnato, kiwango cha ubora na ujazo. Mfano tutakaoufuata hadi mwisho ni huu: 5W-30, API SP, lita 4.2 pamoja na filta.

5W-30 ni mnato, yaani oili ilivyo nzito au nyepesi kutiririka. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi, na namba ya mwisho inaonyesha mnato wake injini ikiwa moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. API SP ni kiwango cha ubora cha Taasisi ya Petroli ya Marekani. Herufi ya S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli. Kwenye upande wa petroli, kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele, ndivyo kiwango kilivyo kipya: SN kilitoka 2010, SP 2020, na SQ 2025. Kwa dizeli utakutana na CI-4 na CK-4.

Hapa ndipo madumu ya bei ya chini yanapowaponza watu wengi bila hata kuwa feki. Dumu lililoandikwa API SF ni oili ya kiwango kisichofaa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Inaweza kuwa halisi, imefungwa vizuri, ila si ya injini yako. Kulinganisha bei yake na ya SP ni sawa na kulinganisha bei ya tairi la baiskeli na la lori.

Kwa pikipiki ambayo klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini, ongeza JASO MA au MA2, viwango vya Japani vya oili za pikipiki, kwenye mstari wako. Oili nyingi nyepesi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya namna hiyo ikizipata huanza kuteleza.

*Umefanikiwa ikiwa* una mstari mmoja, na kila dumu lisiloulingana umeliondoa kwenye hesabu.

## Hatua ya 2: Geuza kila bei iwe bei ya lita

Gawanya bei kwa lita zilizoandikwa kwenye lebo. Inaonekana kazi ya mtoto, lakini vyombo vyenyewe vinadanganya macho. Dumu la lita 4 na la lita 5 mara nyingi yana umbo moja na urefu unaokaribiana. Neno "galoni" nalo ni mtego: galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na dukani neno hilo hutumika kwa dumu lolote la lita 4 au 5. Kuna makopo ya kwati ya Marekani yanayoonekana kama ya lita 1 lakini yana mililita 946. Soma namba iliyochapwa, usisikilize jina la chombo.

Sarafu zinatofautiana, kwa hiyo nitatumia "vipande". Chukua bei ya dumu la lita 4 la oili ya mfano wetu kuwa vipande 100. Muuzaji ana bei hizi za oili ile ile:

| Chombo | Bei | Bei ya lita |
|---|---|---|
| Kopo la lita 1 | 30 | 30 |
| Dumu la lita 4 | 100 | 25 |
| Dumu la lita 5 | 118 | 23.6 |
| Pipa la lita 208 | 4,160 | 20 |

Injini inataka lita 4.2. Ukinunua dumu la lita 4 na kopo moja, unalipa 130. Ukinunua la lita 5, unalipa 118 na unabaki na kiasi kile kile, lita 0.8 za kuongezea baadaye. Dumu kubwa linashinda kwa vipande 12. Lakini kama injini yako ingetaka lita 3.7, dumu la lita 4 lingekutosha kwa 100, na bei nafuu ya lita kwenye dumu la lita 5 ingekufanya ulipe 18 za ziada bila sababu. Kwa hiyo tafuta kwanza bei ya lita, kisha rudi kwenye ujazo wa injini yako.

Kati ya madaraja, ngazi ya bei kwa kawaida huenda hivi kutoka chini: oili yenye namba moja tu ya mnato, kama SAE 40, kisha 20W-50 na 15W-40 za madini, kisha 10W-40 nusu sintetiki, kisha 5W-30 sintetiki, na juu kabisa 0W-20 au zile zenye majivu machache za injini zilizo na kichujio cha moshi. Ngazi hii ina sababu. Ili oili itiririke kwenye baridi kali na bado ibaki na mnato wa kutosha kwenye joto, malighafi yake lazima isafishwe zaidi. Basi ukiiona 5W-30 inauzwa kwa bei ya SAE 40, anza kushuku.

## Hatua ya 3: Itafute sakafu ya bei

Hii ndiyo hesabu ninayoitegemea kuliko zote. Uliza bei ya pipa zima la oili ile ile, jina lile lile na daraja lile lile, kwa wakala mkubwa, kisha uigawanye kwa 208. Kwenye mfano wetu tunapata 20 kwa lita.

Dumu dogo lina gharama ambazo pipa halina kwa kila lita: plastiki, kifuniko, lebo, kazi ya kujaza, boksi na faida ya mwenye duka dogo. Kwa hiyo oili ile ile kwenye dumu dogo jipya haiwezi kuuzwa rejareja kwa bei ya lita iliyo chini ya pipa, isipokuwa mtu anauza kwa hasara.

Sasa anakuja muuzaji wa pili na dumu la lita 4 lenye jina lile lile kwa vipande 62. Gawanya: 15.5 kwa lita. Liko chini ya sakafu kwa vipande 4.5 kila lita. Hapo huna haja ya kunusa wala kukagua lebo. Muulize kwa nini, na kama jibu lake ni "tunamaliza stoo", omba hati ya manunuzi. Bidhaa ya kumaliza stoo huwa nayo.

Dumu la vipande 88, yaani 22 kwa lita, ni suala jingine. Ni punguzo kubwa lakini linawezekana. Hilo ndilo la kuendelea nalo kwenye hatua zinazofuata.

*Tahadhari:* bei ya juu haithibitishi uhalisi. Wachakachuaji wajanja hupunguza bei kidogo tu, au hawapunguzi kabisa. Sakafu inakuonyesha feki ya kijinga, haikuonyeshi feki ya kijanja.

## Hatua ya 4: Kagua chombo kabla ya kulipa

Oili feki nyingi husafiri ndani ya madumu halisi yaliyookotwa kwa mafundi na kujazwa upya. Ndiyo maana lebo nzuri haitoshi. Lebo inaweza kuwa ya kweli kabisa.

Anza na kifuniko. Pete yake ya chini inapaswa kuwa nzima, imeshikamana na kifuniko kwa vijidaraja vidogo visivyokatika. Kama pete inazunguka huru au ina alama za bisibisi, liache. Kisha tazama mwili wa dumu: michubuko chini ya lebo, oili iliyokauka kwenye mikunjo ya mkono, vumbi ndani ya mifereji ya kusokotea kifuniko. Dumu jipya likitoka kwenye boksi halina historia.

Mwisho tafuta namba ya bechi na tarehe. Mtengenezaji huzichapa kwenye plastiki yenyewe kwa wino au leza. Ukiweza, shika madumu mawili ya ujazo mmoja uyalinganishe. Namba zikiwa zimefutwa, zimekwanguliwa au zimebandikwa kwa stika juu ya namba nyingine, umeshapata jibu.

Kama lebo ina alama ya duara ya API, ingiza jina la oili kwenye orodha ya leseni iliyopo `engineoil.api.org`. Jina likikosekana ilhali alama ipo, kuna tatizo. Dumu lisilo na alama hiyo halihukumiwi, kwa kuwa watengenezaji wengine hawakuomba leseni.

## Hatua ya 5: Pima uzito

Lita moja ya oili ya injini ina uzito wa takriban gramu 850 hadi 890. Dumu la lita 4 basi lina oili ya kilo 3.4 hadi 3.55, na plastiki yenyewe huongeza kama gramu 150 hadi 250. Ukiliweka kwenye mizani, tarajia kitu kati ya kilo 3.55 na 3.8.

Tuseme dumu letu la vipande 88 linasoma kilo 3.2. Toa plastiki gramu 200, unabaki na kilo 3.0. Gawanya kwa 0.87: lita 3.45. Zimepungua zaidi ya nusu lita, na bei ya kweli ya lita si 22 tena bali 25.5, juu ya bei ya muuzaji wa kwanza. Nafuu imeshaisha hapo hapo kwenye mizani, hata kabla ya kuuliza kilichomo ndani.

Uzito ukiwa sawa, nunua moja tu, uhifadhi risiti, upeleke nyumbani bila kuimimina kwenye injini.

## Hatua ya 6: Jaribio la sirinji, kukamata oili iliyopunguzwa

Kuna njia mbili kuu za kuchakachua 5W-30, na zinaelekea pande tofauti. Ya kwanza ni kuipunguza oili kwa dizeli, mafuta ya taa au malighafi nyepesi. Hiyo inakuwa nyepesi kupita kiasi. Ya pili ni kujaza SAE 40 ya bei ya chini kwenye dumu la 5W-30. Hiyo inakuwa nzito. Usitegemee jaribio moja kuzikamata zote mbili, ndiyo maana yapo haya mawili.

1. Weka vichupa viwili, rejea na mshukiwa, ndani ya beseni moja la maji ya kawaida kwa nusu saa. Mnato hubadilika sana na joto, kwa hiyo oili iliyotoka kwenye buti la gari haiwezi kulinganishwa na iliyokaa kabatini.
2. Toa pistoni za sirinji. Ziba ncha kwa kidole chenye glavu, ujaze oili juu kidogo ya alama ya 20.
3. Shika sirinji wima juu ya kichupa, ondoa kidole, uhesabu sekunde kutoka alama ya 20 hadi ya 5.
4. Rudia mara tatu kwa kila oili, kila moja na sirinji yake, uchukue wastani.

Tuseme rejea imechukua sekunde 120. Namba yako itatofautiana kwa sababu ya ncha ya sirinji na joto la chumba. Cha kutazama ni uwiano. Oili mbili halisi za 5W-30 hazilazimiki kulingana: daraja la 30 linaruhusu mnato wa sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5 kwenye nyuzi 100, tofauti ya karibu theluthi. Kwa hiyo sekunde 100 au 140 hazithibitishi ubaya. Lakini mshukiwa akitoka kwa sekunde 65, karibu nusu, hiyo imepunguzwa.

*Kosa la kawaida:* kulinganisha 5W-30 na 20W-50. Kwenye joto la chumba 20W-50 halisi huchukua zaidi ya mara mbili ya muda, na wengi wameirudisha 5W-30 nzuri wakidhani ni maji kwa sababu walizoea oili nzito.

## Hatua ya 7: Jaribio la friza, kukamata oili ya bei ya chini iliyovaa lebo ya juu

Safisha vichupa, jaza mililita 30 za kila oili, funga kabisa, weka ndani ya mfuko wa plastiki mbali na chakula. Viache kwenye friza usiku mzima. Friza nyingi za nyumbani hufika takriban nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kwa nini friza? Kwa sababu herufi W ni ahadi ya baridi. Oili ya 5W lazima ipite kipimo cha kuwashia injini kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na kipimo cha kusukumwa na pampu kwenye 35 chini ya sifuri. Kwa 10W ni 25 na 30. Kwa 15W ni 20 na 25. Kwa 20W ni 15 na 20. Kwa hiyo friza ya nyumbani kwa 5W halisi ni matembezi mepesi. SAE 40 haina W wala ahadi yoyote ya baridi.

Asubuhi, toa vichupa vyote kwa pamoja, uvilaze. Fanya haraka, kabla joto la mkono halijavuruga jaribio.

*Umefanikiwa ikiwa* mshukiwa anatiririka kuelekea upande wa pili sambamba na rejea, polepole lakini bila kusita. Akibaki amesimama kama samli, au akisogea kwa donge zima, hiyo si 5W.

Niliwahi kununua dumu lililopita hatua zote za dukani: pete nzima, bechi safi, uzito sahihi. Kwenye sirinji lilikuwa zito kidogo tu, nikakaribia kulikubali. Friza ndiyo iliyoniokoa: rejea ilitembea, lile lilikaa kimya ukutani mwa kichupa.

*Mipaka:* tumia jaribio hili kwa 5W na 10W. 15W itakwenda kwa uvivu na kukuchanganya, na 20W usiijaribu hivi. Pia kumbuka kwamba oili iliyotiwa mafuta ya taa itapita friza kwa urahisi, kwa kuwa ni nyepesi. Hiyo ni kazi ya sirinji.

## Hatua ya 8: Karatasi na pua

Dondosha tone moja kwenye karatasi ya kuchujia, uiache imelala kwa saa kadhaa. Oili mpya huacha doa la rangi moja linalofifia taratibu. Kitovu cheusi au chembe za masizi ni oili chakavu iliyochujwa na kurudishwa dukani. Duara la nje lenye unyevu mwepesi, lililojitenga na doa la ndani, linaashiria dizeli au mafuta ya taa.

Kisha nusa mdomo wa dumu mara tu unapolifungua. Oili mpya ina harufu hafifu. Harufu ya kituo cha mafuta haina maelezo mengine.

*Onyo:* usijaribu oili kwa kuichoma. Oili halisi hutoa mvuke unaoshika moto kwenye joto la nyuzi 200 na zaidi, lakini iliyochanganywa na mafuta mepesi inaweza kulipuka mikononi mwako kabla hujajifunza chochote.

## Kile ambacho majaribio haya hayaoni

Mtu akinunua malighafi safi yenye mnato sahihi, akaijaza bila viungo vya kusafisha na kulinda vyuma, oili hiyo inaweza kupita mizani, sirinji, friza na karatasi. Viungo havionekani kwa macho. Vinapimwa maabara: kiasi cha zinki, fosforasi na kalsiamu, pamoja na namba ya uwezo wa oili kuua asidi. Ukiwa na gari moja, gharama hiyo haina maana. Ukiwa na magari kumi au unanunua kwa pipa, peleka sampuli ya mililita 100 kutoka kila bechi mpya, pamoja na rejea yako, uombe zilinganishwe.

## Ukishaimimina

Pima kijiti baada ya kilomita 100, kisha kila wiki kwa mwezi mmoja. Taa ya oili ikichelewa kuzima kuliko zamani, tapeti zikianza kugonga injini ikipata moto, au kijiti kikinuka mafuta, zima injini na uimwage. Usiongeze oili nyingine juu yake kwa matumaini. Hifadhi sampuli kwenye chupa safi, pamoja na dumu na risiti, kwa sababu ndivyo utakavyomwonyesha muuzaji na mtengenezaji.

Na dumu likiisha, usimwachie fundi likiwa zima. Toboa tundu la chini kwa msumari wa moto au kisu, ukate pete ya kifuniko, kwangua namba ya bechi.